"Pole" inafaa wakati gani, na wakati gani inamkera anayeambiwa?

BintiKyotera
Salaam wanajukwaa. Nafanya kazi kwenye stoo ya mchele hapa Mutukula, upande wetu wa Uganda. Madereva na wafanyabiashara wengi wanatoka Tanzania, wapagazi na makarani wengi ni Waganda, na Kiswahili ndicho tunachokutania. Neno "pole" linatumika hapa kutwa nzima, ila nahisi hatulitumii sawa.

Wiki iliyopita lori liliingia na mchele. Wapagazi wetu wakafungua turubai ili wahesabu magunia, halafu wakaenda kula na kuliacha wazi. Mvua ikashuka, magunia ya juu yakalowa. Dereva, mzee wa makamo, alikuwa forodhani na karatasi zake. Aliporudi, karani mwenzangu akamwendea kwa adabu kabisa: "Pole sana mzee, mvua imenyesha." Mzee akamtazama, akamjibu, "Pole nimeisikia. Turubai alifungua nani?" Akapanda kwenye lori lake na kufunga mlango.

Karani anasema mzee hana adabu, amepewa pole akaikataa. Mimi naona kuna kitu hapo ambacho hatukielewi. Mzee huyohuyo asubuhi nilimwambia "pole na safari" akafurahi, akaniuliza mpaka habari za nyumbani. Kwa nini ya asubuhi ilipokelewa na ya mchana ikakataliwa?

AfandeMstaafu
Dada, jibu ni fupi. Pole ni ya msiba na ugonjwa. Mambo mengine yote ni kuizoesha vibaya. Mimi nilijifunza Kiswahili jeshini, na kule mtu akitoka doria hakuna wa kumwambia pole, anaambiwa kazi nzuri. Ukimwambia mtu mzima pole kwa sababu ya mvua umemfanya mtoto. Huyo mzee alikasirika kwa sababu hiyo.

MchuuziWaBukoba
Afande, shikamoo. Kwa heshima yote, hapo kwenye msiba na ugonjwa tu sikubaliani nawe. Mimi ni Mtanzania, nafanya biashara Kampala. Kwetu mtu akijikwaa barabarani, hata humjui, unamwambia pole kabla hajasimama vizuri. Akipaliwa na maji, pole. Akirudi shambani na jembe begani, pole na kazi. Akishuka kwenye basi, pole na safari. Ukikaa kimya mbele ya mtu aliyejikwaa, ndipo watu watakuuliza umelelewa wapi.

Na mzee wa lori hakukataa kupewa pole. Alikataa kupewa pole na mtu aliyemsababishia.

MwalimuTororo
Mchuuzi amegusa penyewe. Nimefundisha Kiswahili hapa Tororo miaka mingi na hili ndilo linalowasumbua zaidi wanafunzi wetu, kwa hiyo naomba nilieleze taratibu.

Anayesema pole anasimama upande wa mtu aliyefikwa na jambo. Anamwambia, nimeona uchovu wako, nimeona maumivu yako. Hasemi lolote kuhusu nani aliyelileta. Ndiyo maana mpita njia anaweza kuisema, jirani anaweza, hata mtoto anaweza kumwambia bibi yake.

Sikilizeni maneno yanayofuata baada ya pole. Tunasema pole kwa kuibiwa, pole kwa kunyeshewa, pole kwa kuuguliwa, poleni kwa kufiwa, pole kwa kuunguliwa na nyumba. Vitenzi vyote hivyo vinamweka anayeambiwa mahali pa mtu aliyetendewa au aliyefikwa, na anayesema hayumo kabisa. Sasa jaribu kusema "pole kwa kukukanyaga". Ulimi wenyewe unagoma, kwa sababu umejiingiza kama mtendaji. Hapo panahitaji samahani, au niwie radhi, au nisamehe.

Karani alisema "pole, mvua imenyesha". Kwa sikio la yule mzee hilo lilikuwa na maana moja tu: jambo hili limetoka mbinguni, sisi hatumo. Mzee anajua turubai halijifungui. Kwa hiyo alichokisikia ni mtu anayejiondoa kwenye lawama kwa kutumia neno la huruma, na hilo linauma kuliko kukaa kimya.

BintiKyotera
Mwalimu asante. Lakini karani alikuwa na huruma ya kweli, namfahamu. Hakuwa anakwepa.

MwalimuTororo
Nakuamini. Huruma yake ilikuwa ya kweli, tatizo ni mahali alipoianzia. Uganda tumezoea "sori". Sori yetu inafanya kazi zote mbili. Mtu akianguka mbele yako unasema sori, na ukimwangusha wewe unasema sori ileile. Tukihamia kwenye Kiswahili tunachukua pole tukidhani ndiyo hiyo sori, tunaibebesha mzigo wa samahani ambao si wake. Kwa Mganda mwenzake karani angeeleweka vizuri. Kwa mtu wa Bukoba au Mwanza, nusu ya maneno imekosekana.

MamaWaArua
Mimi nachangia la kwangu. Juzi nimetoka kisimani na jerikeni kichwani, nikateleza kwenye matope, maji yote chini. Vijana waliokaa pale dukani walicheka kwanza, halafu mmoja akasema "pole mama". Hiyo pole ilinichoma. Ni afadhali angenyamaza. Mwalimu anasema pole haina kosa mtu yeyote anaweza kuisema. Basi mimi nasema haiwezi kusemwa na aliyecheka.

MchuuziWaBukoba
Pole sana mama. Hapo umesema kweli. Pole inatakiwa itoke hapohapo, mtu anapojikwaa, kabla hujafikiri. Ikichelewa na kicheko kikatangulia, aliyeanguka ameshajua moyo wako ulipokuwa. Na kijana mwenye malezi angesema pole huku anainuka kwenda kukuokotea jerikeni.

BodaMalaba
Wakuu, naona mnazungumzia kufariji wafiwa, nami nina swali hapohapo. Shemeji yangu amefiwa na baba yake. Kwenye kundi letu la wasapu watu wamemwandikia "pole", neno moja tu, wengine wameweka picha ya mikono iliyokunjwa. Mke wangu amekasirika, anasema ni dharau. Je, pole inatosha kwa msiba?

MwalimuTororo
Poleni sana kwa msiba, ndugu yangu, wewe na mama watoto na familia yote.

Swali la mwenye uzi lilikuwa la mambo madogo, lakini lako lina mahali pake. Umeona nilivyosema "poleni" ingawa nakujibu wewe peke yako? Msiba ni wa nyumba nzima, kwa hiyo hata ukikutana na mtu mmoja njiani unamwambia poleni. Vivyo hivyo mwenye mgonjwa nyumbani: poleni kwa kuuguliwa. "Pole" kavu kwa mfiwa inamtenga na watu wake, na pia inalinganisha kifo na kujikwaa. Neno ni lilelile, lakini kwenye msiba linahitaji kuvikwa: poleni sana kwa msiba, Mungu awape subira, na kama unaweza, useme unafika lini. Mke wako hajakosea kuumia.

Waganda wanalisikia jambo hili haraka, kwa sababu kwa Kiganda msiba una neno lake, "kitalo", na hakuna anayemwambia kitalo mtu aliyejigonga kidole. Kiswahili kinatumia pole kwa yote mawili, kwa hiyo uzito unaletwa na maneno ya pembeni na sauti.

AfandeMstaafu
Sasa mnanielewa. Nilisema pole ni ya msiba na ugonjwa.

MwalimuTororo
Afande, ugonjwa na msiba umepatia. Pia ulikuwa na hoja pale uliposema mtu akitoka doria anaambiwa kazi nzuri. Hapa Uganda ukimwambia fundi "pole na kazi", baadhi wanaguna, kwa sababu wanaisikia kama sori: kwani nimepatwa na nini? Wameshazoea "gyebale", ambayo ndani yake mna shukrani na pongezi kwa kazi, si huruma. Kwa hiyo jambo uliloliona lipo. Ila si kwamba "pole na kazi" ni makosa. Kwa Mswahili kazi ina jasho, na kulitambua jasho la mtu ni heshima. Hongera unaisema kazi ikishakamilika na ikapendeza, kwa mfano nyumba ikiezekwa. Aliye katikati ya kupiga tofali anapewa pole.

FundiNtinda
Mimi ni huyo fundi anayeguna. Najenga Kampala, na nilipofanya kazi na Watanzania kwenye saiti moja nilishangaa kila mtu kuniambia pole na kazi. Siku za mwanzo niliona wananionea huruma kama vile nimekosa kazi bora. Baadaye nikaizoea, na sasa nikirudi kwa wenzangu nasema mwenyewe.

Ila kuna kitu sijakielewa bado. Gyebale naweza kumwambia mtu yeyote mchana, hata aliyekaa kivulini anakunywa chai. Ni salamu tu. Siku moja nilimwambia msimamizi wetu Mtanzania "pole na kazi" saa moja asubuhi, ndiyo kwanza anafungua geti. Akacheka, akasema "kazi ipi, sijaanza?"

MchuuziWaBukoba
Hahaha, fundi, hapo msimamizi alikuwa na haki. Pole inataka jambo liwe limeshamfika mtu. Kazi iwe imeanza, au imekwisha, au safari iwe imesafiriwa. Kabla ya hapo tunasema kazi njema, safari njema. Mtu anapanda basi la Kampala ukamwambia pole na safari, atadhani unamtabiria ubaya.

Na aliyekaa kivulini anakunywa chai usimwambie pole na kazi kama hujui ametoka wapi. Kama ametoka kubeba saruji, sawa. Kama ameshinda pale tangu asubuhi, ataona unamsema kwa uvivu. Hapo uliza tu habari za kazi, inakaa salama kwa wote.

FundiNtinda
Asante. Kwa hiyo gyebale ni pana kuliko pole na kazi, na pole nayo inafika mahali gyebale haifiki. Maana siwezi kumwambia gyebale mtu aliyejigonga nyundo.

MchuuziWaBukoba
Ndivyo hivyo. Na ukiwa na wazee kutoka kwetu, tanguliza shikamoo, pole ije baadaye. Kijana akianza na "pole na kazi mzee" bila shikamoo, mzee atajibu lakini ataona umeruka ngazi. Hapa Uganda shikamoo si kawaida, kwa hiyo hawawalaumu sana.

BodaMalaba
Nirudi kwenye mada basi, maana naona nilipotoka. Mimi ni mwendesha boda. Kwenye ajali kuna jambo ambalo mwalimu hajaligusa. Ukimgonga mtu ukasema samahani, watu waliokusanyika wanasikia umekiri. Polisi akija wanasema "alishaomba msamaha mwenyewe". Kwa hiyo sisi tunasema pole. Ni njia ya kuonyesha utu bila kujifunga. Nadhani karani wa Mutukula alifanya vilevile hata kama hakujua. Alikuwa anamlinda tajiri wake.

BintiKyotera
BodaMalaba umenifanya nifikirie. Kweli karani angesema samahani, tajiri angemuuliza nani amekutuma ukubali hasara.

MwalimuTororo
Hilo ni la kweli na silibezi. Lakini angalieni gharama yake. Pole ya mtu aliyegonga, ikisimama peke yake, aliyegongwa anaisikia kama ilivyosikika Mutukula. Hasira inapanda, na watu waliokusanyika wanaanza kukuuliza wewe kama yule mzee alivyouliza turubai alifungua nani. Ushauri wangu, na naujua una mipaka kisheria: kama umemgonga mtu, pole yako iwe ya mikono kwanza. Mwinue, mtoe barabarani, mwulize anaumwa wapi. Pole ikisemwa ndani ya kitendo hicho haionekani ya kukwepa, hata kama neno samahani hujalitamka.

BodaMalaba
Hapo sawa. Ila barabarani mwalimu, ukishuka kumwinua kuna wakati unapigwa kabla hujainama.

MwalimuTororo
Hilo nalo ni kweli, na sina jibu la hilo.

SalamaPwani
Hodi jamani. Mimi ni wa Mombasa, nimeolewa Jinja. Nasoma huu uzi tangu asubuhi nikiwa nakubali, ila mwalimu kwenye hili la kukanyaga nakupinga kidogo. Kwetu ukimkanyaga mtu sokoni, neno la kwanza linalotoka ni "pole!" Kisha ndiyo unasema "niwie radhi, sikukuona". Pole inatangulia kwa sababu maumivu ndiyo yaliyotangulia, mtu anashika mguu wake. Ukianza na samahani unazungumzia nafsi yako wewe unayetaka kusamehewa, na yeye bado anaumia. Kwa hiyo si kwamba mkosaji hana ruhusa ya kusema pole.

MwalimuTororo
Mama Salama, karibu. Nakubali kwamba mkosaji anaweza kusema pole, sikusema hana ruhusa. Nilichosema ni kwamba haiwezi kusimama peke yake. Kuhusu ipi itangulie, mimi nilisikia zaidi samahani kwanza nilipokuwa Dar es Salaam, halafu "pole sana, umeumia?" Wewe unasema kwenu ni kinyume, na hoja yako ya maumivu ina nguvu. Sidhani tutamaliza ubishi huo hapa.

MamaWaArua
Mimi nimwunge mkono Salama. Mtoto wangu akianguka simwulizi kwanza nani ana kosa. Namwambia pole mwanangu, naipiga sakafu iliyomwangusha, kilio kinaisha. Baadaye ndiyo namkanya asikimbie ndani.

BintiKyotera
Sasa nisaidieni kwa maneno kamili. Karani angemwambia mzee nini? Na leo mzee anaweza kurudi na mzigo mwingine. Bado inafaa kusema kitu, au yamepita?

MchuuziWaBukoba
Siku ile ingetosha hivi: "Mzee, samahani, turubai tuliliacha wazi sisi. Pole kwa hasara. Tunashusha yaliyolowa sasa hivi, njoo tuyahesabu pamoja." Ona jinsi kila kitu kimepata mahali pake. Samahani imebeba kosa, pole imebeba machungu ya mzee, na kuhesabu pamoja kunamwonyesha hamfichi kitu. Wapagazi wakianza kushusha gunia la kwanza wakati karani bado anaongea, mzee hawezi kuuliza swali lile, kwa sababu limeshajibiwa.

Kama tajiri hataki neno samahani, karani anaweza kusema ukweli bila hilo neno: "Mzee, turubai lilibaki wazi tulipokuwa tunahesabu. Pole sana kwa hasara, twende tukaangalie." Si kamili kama ile ya kwanza, lakini haijaisingizia mvua.

MwalimuTororo
Naafiki, hasa hapo mwisho. Kama karani angeacha kuitaja mvua, nusu ya ugomvi isingekuwepo.

Kuhusu leo: ndiyo, bado inafaa. "Pole na yaliyokukuta siku ile, mzee" ni maneno mazuri hata baada ya siku nyingi, lakini yatanguliwe na lile deni la kukiri kosa. Likiwa bado halijasemwa, pole ya pili itakuwa kama ile ya kwanza.

Na msikilize atakavyojibu. Akisema "asante" tu, amepokea adabu yako, hajasema kwamba moyo umetulia. Akisema "nimeshapoa" au "yameshapita hayo", mara nyingi ndipo mtu anakuwa ameliachia. Usimlazimishe afike huko siku hiyohiyo. Mtu ambaye mchele wake bado umeanikwa juani hawezi kukuambia ameshapoa.

FundiNtinda
Kumbe kuna jibu lake! Mimi kila nikiambiwa pole na kazi nilikuwa najibu "kale", kama ninavyojibu gyebale.

MchuuziWaBukoba
Jibu "asante", au "asante, nawe pia" kama naye yuko kazini. "Nimeshapoa" iweke kwa ugonjwa na mikasa. Mtu amekwambia ugua pole ukiwa kitandani, ukipona mkakutana akakwambia pole tena, hapo ndipo unajibu nimeshapoa.

AfandeMstaafu
Nimesoma yote. Msimamo wangu kuhusu mvua bado upo, mtu mzima akinyeshewa anajifuta. Ila nakubali kwamba karani hakutakiwa kuitaja. Askari akipoteza bunduki haji kuniambia "pole afande, bunduki imepotea". Anasema nimepoteza.

SalamaPwani
Afande hapo tumekutana.

BintiKyotera
Nashukuru sana wote. Mchana huu nimemwonyesha karani maneno ya Mchuuzi. Amesema ya pili anaweza, ya kwanza lazima azungumze na tajiri kwanza. Nimemwambia azungumze naye leo, maana lori la mzee limeshaonekana kwenye foleni upande wa pili.

Swali dogo la mwisho: wapagazi nao, ambao ndio walioacha turubai wazi, wanatakiwa waseme wenyewe au karani anawasemea?

MamaWaArua
Wamesababisha wao, waende wao. Hata mmoja tu, aliye mkubwa wao.

MchuuziWaBukoba
Mimi naona karani atangulie, ndiye sura ya stoo. Mpagazi mkubwa asimame pembeni yake. Mzee akimtazama, aseme la kwake.